Kupima amonia kwenye maji kwa rangi ya indofenoli, na kuizuia hewa ya maabara isiingie kwenye majibu

Tone moja la bafa ya pH 10, ile tunayoitumia kupimia ugumu wa maji, limebeba karibu miligramu 7 za nitrojeni ya amonia ikiwa bafa imetengenezwa kwa amonia kali kama mapishi ya kawaida yanavyotaka. Sampuli ya mililita 50 kutoka ziwani yenye mikrogramu 10 kwa lita ina nusu mikrogramu tu. Maana yake tone lile moja linatosha kuongeza mikrogramu 10 kwenye kila lita ya mapipa matatu ya lita 200. Sasa fikiria chupa ya bafa hiyo inafunguliwa mara thelathini kwa siku, mita mbili kutoka meza yako.

Nilianza kupima amonia kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza katika maabara ya namna hiyo. Kemia ya indofenoli niliielewa ndani ya siku mbili. Kilichonichukua miezi ni kujua amonia ninayoiona imetoka ziwani au imetoka chumbani. Mwongozo huu unafuata njia ya fenoli kama ilivyochapishwa na Lucía Solórzano mwaka 1969, lakini sehemu kubwa nitaitumia kwenye hewa, maji safi na blanki, yaani maji safi yanayopitishwa kipimo kizima mahali pa sampuli, kwa sababu humo ndimo kazi inamoharibikia.

Rangi inatoka wapi

Berthelot aliiona rangi hii mwaka 1859. Amonia ikikutana na klorini ya haipokloriti kwenye maji yenye alkali hugeuka kuwa monokloramini. Monokloramini hushikana na fenoli, kisha na fenoli nyingine, na mwisho hutokea indofenoli, ambayo kwenye alkali ni ya buluu. Bila kichocheo mwitikio ni wa polepole mno, ndiyo maana tunatia nitroprusidi ya sodiamu. Buluu hiyo husomwa kwa spektrofotometa kwenye nanomita 640.

Kutokana na maelezo hayo mafupi, shika mambo mawili. La kwanza, klorini ikiwa chache amonia haigeuki yote, na ikizidi sana kabla ya fenoli kuwemo, sehemu ya amonia huunguzwa hadi ikawa gesi ya nitrojeni na kupotea kabisa. Kwa hiyo fenoli hutangulia na haipokloriti huja mwisho. La pili, alkali huigeuza amonia yote iliyoyeyuka kuwa gesi iliyo tayari kuruka. Ukishatia kimiminika cha mwisho, funga chupa hapo hapo, usingoje umalize safu nzima.

Kwa nini sampuli hupoteza na kuokota kwa wakati mmoja

Ndani ya maji amonia ina sura mbili: ioni ya amoniamu, ambayo haitoki majini, na gesi ya NH3, ambayo hutoka. Kinachogawa ni pH. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana gesi chini ya asilimia 1. Kwenye pH 8.5 ni kama asilimia 15, na kwenye pH 9 ni asilimia 36. Maji ya juu ya ziwa mchana wa jua, mwani ukiwa mwingi, yanaweza kufika pH 9. Sampuli ya namna hiyo ikimiminwa kutoka juu, ikitikiswa chupa ikiwa nusu, au ikiachwa wazi, inapungua.

Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia asidi. Ukishusha pH hadi chini ya 2 kwa asidi ya salfuriki, hakuna gesi ya kutoroka, na vijidudu navyo hunyamaza. Kwa maji machafu yenye miligramu kadhaa kwa lita, hiyo ni sawa kabisa. Lakini maji yenye asidi ni mtego: kila chembe ya amonia ya hewani inayoyagusa hunasa na hairudi. Chupa uliyotia asidi na kuifungua mara tatu ndani ya maabara imekuwa kifaa cha kupimia hewa ya maabara. Isitoshe, lazima urudishe pH karibu na 7 kabla ya kutia vimiminika, vinginevyo asidi italila alkali la mwisho na rangi haitatokea vizuri. Na huko kurudisha ni kufungua chupa tena.

Kwa maji safi yenye kiwango cha chini, mimi sitii asidi. Natia fenoli pale pale ziwani. Fenoli huzuia vijidudu na mwani wasile amonia, haipandishi pH, na tayari ni hatua ya kwanza ya kipimo. Chupa haifunguliwi tena mpaka saa ya kutia vimiminika viwili vya mwisho.

Vimiminika vinne

Fenoli: gramu 10 kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 95. Itengeneze ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na glavu na miwani. Fenoli huunguza ngozi na kuitia ganzi, kwa hiyo unaweza usisikie maumivu mwanzoni. Ikikugusa, vua nguo iliyolowa na suuza kwa maji mengi yanayotiririka, kisha nenda hospitali.

Nitroprusidi: gramu 1 kwenye mililita 200 za maji, ndani ya chupa ya kahawia. Haipendi mwanga. Tengeneza nyingine baada ya mwezi.

Sitreti yenye alkali: gramu 100 za trisodiamu sitreti na gramu 5 za hidroksidi ya sodiamu, jumla mililita 500. Sitreti ipo ili kalsiamu na magnesiamu zisitengeneze vumbi jeupe alkali linapoingia. Hiki ndicho kimiminika kinachobeba amonia nyingi zaidi kutoka kiwandani, na bahati nzuri ndicho kinachosafishika kwa urahisi. Anza na mililita 600, chemsha ndani ya kabati la kuvuta hewa mpaka ishuke chini ya 500, funika ipoe, kisha ongeza maji safi mpaka alama ya 500. Kwa kuwa kuna alkali, amonia yake hutoka na mvuke.

Haipokloriti: inatakiwa iwe na nguvu ya angalau 1.5 N, yaani kama asilimia 5 ya klorini. Jiki ya dukani mara nyingi haifiki hapo, na chupa iliyokaa rafuni kwenye joto la kwetu hupungua haraka. Usiamini lebo. Yeyusha gramu 12.5 za thayosalfeti ya sodiamu (yenye maji yake matano) hadi mililita 500. Chukua mililita 50 za maji, tia kama gramu 2 za ayodidi ya potasiamu, kisha mililita 1 kamili ya haipokloriti, halafu matone machache ya asidi ya hidrokloriki. Fanya titresheni mpaka njano iishe. Haipokloriti nzuri hula kama mililita 15 za thayosalfeti. Ikila chini ya 12, itupe. Kipimo hiki huchukua dakika kumi, na kimeniepusha na siku nzima ya rangi hafifu zaidi ya mara moja.

Siku ya kazi, changanya sitreti sehemu 4 na haipokloriti sehemu 1. Mililita 100 na 25 zinatosha chupa 25. Mchanganyiko huo haulali: ukibaki jioni, hautumiki kesho.

Wapo wanaotumia salisileti badala ya fenoli, na usomaji unakuwa karibu na nanomita 655. Ni salama zaidi mkononi. Kwa upande wa hewa na blanki, yote nitakayosema yanahusu njia hiyo pia.

Maji safi, ambayo mara nyingi si safi

Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake hayana chumvi, lakini yanaweza kuwa na amonia, kwa sababu amonia nayo hupanda na mvuke na kuanguka upande wa pili. Mita ya upitishaji umeme itaonyesha ni safi na utaridhika. Njia mbili husaidia. Moja ni kutia asidi ya salfuriki kidogo kwenye maji kabla ya kuyachemsha, ili amonia ibaki chini kama amoniamu. Nyingine ni kuyapitisha kwenye resini ya kubadilisha kationi, kisha kuyachota moja kwa moja kutoka kwenye resini wakati unapoyahitaji. Kuyachota Jumatatu ukayaweka kwenye dumu lenye bomba kwa ajili ya wiki nzima ni kuyarudisha yalikotoka: kila unapochota, hewa ya chumba huingia kujaza nafasi.

Kuijua hewa ya chumba chako kabla ya kwenda ziwani

Jaribio hili ni rahisi, na sijui kwa nini halifanywi kila mahali. Chukua chupa nne safi za mililita 100 zenye vifuniko, tia mililita 50 za maji safi katika kila moja. Mbili zifunge. Mbili ziache wazi kwa saa moja juu ya meza utakayofanyia kazi, wakati wengine wakiendelea na shughuli zao za kawaida. Kisha tia vimiminika kwenye zote na usome.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, zilizofungwa zilisoma 0.048 na zilizokuwa wazi zilisoma wastani wa 0.131. Kwa mstari wetu wa viwango, ule unaogeuza usomaji kuwa mikrogramu, tofauti hiyo ni kama mikrogramu 14 kwa lita. Ilikuwa siku ya kupima ugumu wa maji. Nikarudia Ijumaa mchana, meza ya jirani ikiwa haina mtu: chupa zilizokuwa wazi zilisoma 0.053. Nilikuwa nimekwisha kulaumu fenoli na kuagiza nyingine.

Bafa ya ugumu ndiyo mshukiwa wa kwanza, lakini angalia pia chupa ya amonia kali kwenye kabati la kemikali, dawa ya kusafishia vioo, choo kilicho upande wa pili wa ukuta, moshi wa sigara unaoletwa na nguo, na pumzi yako mwenyewe unapoinama juu ya chupa. Glavu za mpira zenye unga nazo zimo. Tumia za naitrili zisizo na unga, na zisuuze kwa maji safi baada ya kuvaa.

Kabati la kuvuta hewa linahitaji tahadhari ya pekee. Watu huliona kama mahali safi, kumbe linavuta hewa ya chumba kizima na kuipitisha juu ya chupa zako bila kukoma. Kama ndani yake ndimo mnamofungulia amonia kali, ni mahali pabaya kuliko meza. Fenoli ni lazima uishike humo. Lakini chupa zenyewe zifunguliwe kwa sekunde chache tu, moja moja.

Ukikuta hewa ni chafu na huwezi kuhama chumba, pangeni zamu: amonia ipimwe asubuhi kabla ya bafa kufunguliwa, madirisha yakiwa yamefunguliwa kwa nusu saa kabla. Futa meza kwa kitambaa kilicholowa asidi ya sitriki ya asilimia 1 au 2. Asidi hiyo hushika amonia ya juu ya meza na haina mvuke. Usiweke asidi ya hidrokloriki wazi ukidhani itafanya kazi hiyo: mvuke wake ukikutana na amonia hewani hufanya moshi mweupe wa kloridi ya amoniamu, nao hutua kokote, hata ndani ya chupa yako.

Chupa

Tenga chupa za amonia, zisitumike kwa kazi nyingine yoyote. Zioshe kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, suuza mara nyingi kwa maji safi. Chupa mpya zifanyie kipimo kizima mara moja kwa maji safi na vimiminika vyote, kisha mwaga. Mwitikio wenyewe hula amonia iliyoganda kwenye kuta, tena vizuri kuliko sabuni. Kati ya siku za kazi zikae zimefungwa, na maji safi ndani. Chupa iliyopinduliwa ikauke rafuni inaonekana safi machoni, lakini ukuta wake mkavu umekaa siku nzima ukikusanya.

Ziwani

Usiku uliotangulia tia mililita 2 za fenoli katika kila chupa na uifunge. Hivyo hakuna atakayeshika pipeti ya fenoli ndani ya boti inayoyumba. Kila chupa iwe na alama ya mahali ambapo mililita 50 za sampuli pamoja na fenoli zitafika.

1. Teka maji kwa sirinji kubwa ya mililita 60 chini ya uso wa maji. Mwaga mara mbili, ya tatu ndiyo yako.
2. Funga chujio la sirinji. Pitisha mililita 50 za maji ya ziwa na uzitupe, kwa sababu machujio mengi hutoka kiwandani yakiwa na amoniamu kidogo.
3. Jaza sirinji tena na usukume taratibu ndani ya chupa hadi kwenye alama, ncha ya chujio ikiwa chini ya mdomo wa chupa ili maji yasianguke kwa kuruka. Ukisukuma kwa nguvu unapasua chembe za mwani, na amonia iliyomo ndani yake hutoka na kuhesabiwa kama ya ziwa.
4. Funga, geuza mara tatu, weka kwenye kasha la barafu, gizani.

Usichuje kwa pampu ya kuvuta. Pampu inafanya makosa yote mawili kwa pamoja: inanyonya gesi ya amonia kutoka kwenye maji, na maji yakiisha inapitisha hewa ya chumba kwenye chujio lililolowa.

Beba pia chupa mbili zenye maji safi ya maabara. Zifungue ziwani kwa muda ule ule, zipitishe kwenye sirinji na chujio vile vile, zirudi na wenzake. Hizo zitakuambia safari yenyewe iliongeza kiasi gani. Mvuta sigara, kama yupo, akae upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake.

Kwenye meza

Andaa viwango, yaani maji yenye amonia ambayo kiasi chake unakijua. Gramu 0.3819 za kloridi ya amoniamu iliyokaushwa kwa nyuzi 100, ndani ya lita moja, hukupa miligramu 100 za nitrojeni kwa lita. Punguza mara mia upate miligramu 1 kwa lita. Kutoka hapo mililita 1, 2, 5 na 10, kila moja ikifikishwa mililita 100, ni mikrogramu 10, 20, 50 na 100 kwa lita. Myeyusho mkali hukaa. Myepesi utengenezwe siku hiyo hiyo. Na usiupimie myeyusho mkali karibu na chupa za sampuli.

Viwango na blanki navyo vipate mililita 2 za fenoli. Acha chupa zote zifike joto la chumba, nyuzi 22 hadi 27. Kisha, chupa moja baada ya nyingine: fungua, tia mililita 2 za nitroprusidi, funga, geuza. Ukimaliza safu rudi mwanzo: fungua, tia mililita 5 za mchanganyiko wa sitreti na haipokloriti, funga mara moja, geuza. Weka gizani kwa saa moja. Rangi ikishatulia hukaa saa 24, kwa hiyo hakuna haraka ya kusoma. Haraka ilikuwa pale vifuniko vilipokuwa wazi.

Tumia kuveti ya sentimita 5 au 10. Kwenye ile ya sentimita 1, mikrogramu 10 kwa lita husoma kama 0.012, ambayo ni karibu na mtetemo wa mashine yenyewe.

Blanki ni vitu vitatu

Hapa ndipo majibu mengi ya amonia hupotoka, hata kwa watu waangalifu. Tunachukua maji safi, tunatia vimiminika, tunasoma, tunatoa usomaji huo kwenye kila sampuli. Lakini ndani ya blanki kuna amonia ya vimiminika, amonia ya maji safi yenyewe, na amonia ya hewa iliyoingia. Sampuli ya ziwa ina ya vimiminika na ya hewa, lakini haina ya maji safi, kwa kuwa hakuna maji safi ndani yake. Ukitoa yote, umeitoza sampuli deni lisilo lake, na jibu linashuka. Ndiyo siri ya yale majibu ya kutoa chini ya sifuri.

Ya hewa huonekana kwa mtawanyiko. Vimiminika vilivyochafuka huchafua chupa zote sawa, bali hewa huingia chupa moja zaidi ya nyingine. Blanki tano zikisoma 0.046, 0.049, 0.048, 0.050 na 0.047, hewa imedhibitiwa. Zikisoma 0.05, 0.11 na 0.07, usitoe wastani wowote. Acha kazi, tafuta mlango ulio wazi.

Ya maji hutenganishwa na ya vimiminika kwa kuzidisha vimiminika mara mbili. Siku moja tulikuwa na vipimo hivi, kuveti ya sentimita 5:

```
blanki (50 + 2 + 2 + 5 = 59 ml)      0.048
blanki x2 (50 + 4 + 4 + 10 = 68 ml)  0.062
10 µg/L                              0.109
20 µg/L                              0.170
50 µg/L                              0.352
100 µg/L                             0.657
sampuli                              0.204
sampuli bila fenoli                  0.011
```

Viwango vinne vilitengenezwa kwa maji yale yale, kwa hiyo amonia ya maji imo ndani ya vyote kwa usawa na haiharibu mteremko. Mteremko ni (0.657 − 0.048) ÷ 100, yaani 0.00609 kwa kila mikrogramu.

Ujazo umebadilika kati ya blanki mbili, kwa hiyo zidisha kwanza usomaji kwa ujazo. 0.048 × 59 ni 2.83. 0.062 × 68 ni 4.22. Tofauti, 1.39, ni mchango wa dozi moja ya vimiminika. Igawe kwa 59 upate 0.024. Kwa hiyo nusu ya blanki yetu ilikuwa vimiminika, na nusu iliyobaki, kama mikrogramu 4 kwa lita, ilikuwa maji yetu "safi". Dozi maradufu hubadilisha kidogo mazingira ya mwitikio, hivyo mara moja kwa mwezi pitisha pia kiwango cha mikrogramu 50 kwa vimiminika maradufu. Ukishasahihisha ujazo, na kutoa blanki ya kila upande, inapaswa ikupe rangi ile ile.

Ile chupa bila fenoli inapima ukungu na rangi ya asili ya maji ya ziwa. Ilichujwa kando bila fenoli, ikapewa ethanoli tupu mahali pake. Sasa sampuli: 0.204 − 0.011 − 0.024 = 0.169. Gawanya kwa 0.00609, ni mikrogramu 27.8 za nitrojeni ya amonia kwa lita. Ningetoa blanki nzima ya 0.048 ningepata 23.8. Tofauti ya mikrogramu 4 ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye maji yangu.

Blanki za ziwani zilisoma 0.050, karibu sawa na za maabara, basi safari haikuongeza kitu cha kuhesabu. Zingesoma 0.090, ningetoa ile ziada pia na kuiandika kwenye ripoti. Lakini ningerudi kuteka upya kama ningeweza.

Je, kuna kilichopotea?

Blanki huonyesha kilichoongezeka. Kilichopungua huonekana kwa kurudisha kiasi unachokijua. Chukua mililita 49 za sampuli ile ile, tia mililita 1 ya kiwango cha miligramu 1 kwa lita, ambayo ni nyongeza ya mikrogramu 20 kwa lita. Sampuli yenyewe sasa ni 27.2 kwa sababu imepunguzwa kidogo. Chupa yetu ilisoma 0.316. Baada ya kutoa 0.035 za ukungu na vimiminika, ni mikrogramu 46.1. Toa 27.2, zimerudi 18.9 kati ya 20, yaani asilimia 94 na ushee. Hiyo naikubali. Ikiwa chini ya 90, kwanza napima nguvu ya haipokloriti, kisha pH ya chupa iliyokwisha rangi: inatakiwa iwe juu ya 10. Chini ya hapo, ama kuna asidi iliyobaki kwenye sampuli, ama alkali ilipimwa vibaya.

Rangi ikiwa ya kijani badala ya buluu, mwitikio bado haujakamilika: ngoja zaidi, au joto ni dogo. Maji yenye harufu ya yai bovu, kama ya chini ya ziwa kusiko na oksijeni, hayafai kupimwa moja kwa moja, kwa kuwa salfidi hula klorini. Na maji ya bahari yana mteremko wake. Anayepima Zanzibar atengeneze viwango vyake kwa maji ya bahari ya mbali yenye amonia kidogo, si kwa maji baridi.

Mpaka wa kuandika

Zile blanki tano zina mkengeuko wa 0.0016. Mara tatu yake, ukigawa kwa mteremko, ni kama mikrogramu 0.8 kwa lita. Chini ya hapo andika "haikuonekana". Andika pia kama ni nitrojeni ya amonia au amonia yenyewe, kwa kuwa ya kwanza huzidishwa kwa 1.216 kupata ya pili, na nimewahi kuona meza mbili za ziwa moja zikilinganishwa bila hilo kuulizwa.

Maji yaliyotumika yamwage kwenye dumu la taka za fenoli, lenye lebo, na usitie asidi ndani yake hata kidogo: haipokloriti iliyobaki itatoa gesi ya klorini, na nitroprusidi ina sianidi ndani ya muundo wake. Kisha jaza chupa zako maji safi, zifunge.